Jinsi ya kupanga karatasi ya utaratibu wa mazishi: kutoka daftari la matanga hadi mkononi mwa waombolezaji

Katika mazishi ya Kikristo hapa Pwani, kuanzia Taveta hadi Lamu, kuna karatasi iliyokunjwa ambayo kila anayefika hupewa. Mbele ina picha ya marehemu. Ndani mna utaratibu wa ibada, nyimbo, masomo, wasifu na maneno machache ya kumuaga. Wengine huiita programu, wengine kijitabu, wengine ratiba ya mazishi. Kwa ndugu zetu Waislamu haipo, kwa sababu mayiti huharakishwa kuzikwa, aghalabu siku ile ile, na sala ya jeneza haihitaji karatasi. Lakini familia nyingi za Pwani zina watu wa dini zote mbili, na Mwislamu aliyesoma au anayejua kompyuta anaweza kuombwa amsaidie shemeji yake kuipanga. Makala haya ni ya yeyote atakayekabidhiwa kazi hiyo.

Karatasi hii ina kazi mbili, na vurugu nyingi hutokana na kuzichanganya. Kwanza inawaongoza watu kwa saa mbili au tatu: wanajua sasa ni wimbo gani, nani anafuata kusema, na mwili utazikwa saa ngapi. Pili ni kumbukumbu. Ibada ikishakwisha, itawekwa ndani ya Biblia au kwenye sanduku la vyeti, na miaka ishirini baadaye mjukuu ataisoma kujua babu wa bibi yake alikuwa nani. Kumewahi hata kutokea karatasi ya namna hii ikatolewa mahakamani katika kesi ya mirathi, watu wakibishana nani ni mke na nani ni mtoto. Kwa hivyo ukurasa wa utaratibu unaweza kuwa na kosa dogo na kiongozi wa shughuli akalisahihisha kwa mdomo. Ukurasa wa majina ya familia hauna wa kuusahihisha.

Tuchukue mfano mmoja tuufuate mpaka mwisho. Mama mmoja wa Rabai, mwalimu mstaafu, Muanglikana, alizaliwa 9 Agosti 1947 na akafariki Alhamisi 13 Machi 2025. Atazikwa nyumbani kwake Jumamosi 22 Machi 2025. Familia inataka karatasi moja tu ya A4 iliyokunjwa katikati, yaani kurasa nne za ukubwa wa A5. Vidokezo vilivyopo ni kurasa tatu za daftari zilizoandikwa kwenye vikao vya matanga, pamoja na jumbe za WhatsApp kutoka kwa watoto na wajukuu.

Gawa vidokezo mafungu manne

Usianze kupiga chapa. Chukua vidokezo vyote na uweke alama pembeni ya kila mstari: 1, 2, 3 au 4. Namba moja ni jalada: picha, jina kamili, tarehe, mahali na saa. Namba mbili ni mambo yatakayotendeka siku hiyo. Namba tatu ni maisha yake na watu wake. Namba nne ni maneno ya kumuaga na shukrani. Namba hizo ndizo kurasa zenyewe. Mstari usiopata namba, kama vile nani atakodi hema au nani atachinja, unabaki kwenye daftari.

Ukurasa wa A5 wenye pambizo la sentimita moja na nusu na herufi za ukubwa wa 11 hubeba maneno kama 250 hadi 300. Kipimo hiki kiweke mbele yako na uwaambie wanafamilia mapema. Mtu aliyeleta wasifu wa maneno 900 hakukosea, ila ukurasa wake hauna nafasi hiyo. Ukimtii kwa kupunguza herufi hadi ukubwa wa 8, wazee waliokaa chini ya mwembe hawatasoma kitu.

Ukurasa wa kwanza: tarehe na saa

Jalada lina maneno machache, kwa hivyo kosa lake huonekana haraka. La kawaida ni umri. Katika mfano wetu daftari limeandikwa miaka 78, kwa kutoa 1947 kutoka 2025. Lakini mama alifariki Machi, na siku yake ya kuzaliwa ni Agosti, kwa hivyo alikuwa na miaka 77. Tarehe ya kuzaliwa ichukuliwe kwenye kitambulisho. Ikiwa familia inajua kwamba kitambulisho kilikisiwa, kama ilivyo kwa wazee wengi, wakubaliane mwaka mmoja, na mwaka huo huo uandikwe kwenye jalada, kwenye wasifu na kwenye msalaba wa kaburi.

Kosa la pili ni saa. Usiandike “10.00 asubuhi”. Msomaji mmoja ataiona saa nne, mwingine atabaki anajiuliza. Karatasi ikiwa ya Kiswahili, saa ziwe za Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho: saa 4:00 asubuhi, saa 6:00 mchana. Wakati mwingine kidokezo kilichotoka chumba cha kuhifadhia maiti kina saa za Kiingereza na kile cha mwenyekiti wa kamati kina saa za Kiswahili, na mpangaji akavinakili vyote vilivyo. Hapo gari la mwili litatarajiwa saa sita kabla au baada ya wakati wake.

Picha iombwe yenyewe, isitumwe kama picha ya kawaida ya WhatsApp, kwa sababu programu hiyo huifinya na ikichapwa hutoka na ukungu. Mwambie aliye nayo aitume kama `Document`. Kama ipo ya karatasi tu, ipigwe picha kwa simu mchana, kivulini, ikiwa imelazwa bapa bila kioo chake.

Ukurasa wa pili: utaratibu, na hesabu ya dakika

Huu ndio ukurasa unaohitaji kalamu na hesabu. Familia imepanga kuanza saa 4:00 na kufika kaburini saa 6:00. Zipo dakika 120. Daftari lina nyimbo sita, masomo matatu, wasifu, wasemaji kumi na mmoja, mahubiri, maombi, sadaka na heshima za mwisho. Wimbo ukiimbwa na umati huchukua dakika kama tano. Somo fupi ni dakika tatu. Msemaji tumkadirie dakika tano, ingawa wengi huzidi. Basi nyimbo ni dakika 30, masomo 9, wasemaji 55, wasifu 10, mahubiri 25, maombi 10, sadaka 10, heshima za mwisho 20. Jumla ni 169. Zimezidi 49, na bado hatujahesabu gari kuchelewa.

Watu hudhani dawa ni kukata mahubiri. Angalia kwanza wasemaji. Walioandikwa ni watoto, wajukuu, ndugu, wakwe, jirani, walimu wenzake, akina mama wa kanisa, kikundi cha akiba, mzee wa mtaa, chifu na mwakilishi wadi. Wengi wao wanaweza kusemewa na mmoja. Tukawaunganisha: watoto pamoja na wajukuu, ndugu pamoja na wakwe, walimu wenzake, akina mama wa kanisa pamoja na kikundi cha akiba, jirani pamoja na viongozi, msemaji akiwa chifu. Wamebaki watano wa dakika nne nne, yaani dakika 20, tumeokoa 35. Wimbo wa sadaka uimbwe sadaka inapotolewa, na wimbo mwingine uimbwe watu wanapopita kutoa heshima. Hapo tumeokoa 10. Masomo yawe mawili, tumeokoa 3. Sasa ni dakika 121, na hiyo moja haina neno.

Dakika za wasemaji ziandikwe kwenye karatasi yenyewe: “Risala, dakika 4 kila mmoja”. Hilo humsaidia kiongozi wa shughuli kuliko jambo lolote, hasa akifika mwanasiasa ambaye hakutajwa. Ataonyesha karatasi iliyokwisha chapwa, na hatakuwa yeye aliyemnyima mheshimiwa kipaza sauti.

Katika mfano wetu saa ina uzito wa zaidi. Tarehe 22 Machi 2025 iliangukia ndani ya Ramadhani. Binti mmoja wa marehemu ameolewa Mombasa katika familia ya Kiislamu, na wakwe zake watakuja wakiwa wamefunga. Wamekusudia kuhudhuria maziko, kisha waende wakaswali adhuhuri. Karatasi ikisema saa 6:00 na mwili ukazikwa saa 8:00, wageni hao watalazimika kuchelewesha swala yao au kuliacha kaburi la mkwe wao.

Sasa ukurasa wenyewe. Tumeugawa sehemu mbili, ya familia kwanza na ya ibada baadaye, ili kasisi akishaanza asikatizwe na hotuba:

*Saa 4:00 asubuhi. Sehemu ya kwanza, inaongozwa na familia*
- Sala ya kufungua
- Wimbo: Yesu Kwetu ni Rafiki
- Wasifu wa marehemu
- Risala, dakika 4 kila mmoja: watoto na wajukuu, ndugu na wakwe, walimu wenzake, akina mama wa kanisa na kikundi cha akiba, jirani na viongozi

*Sehemu ya pili: ibada, inaongozwa na kasisi*
- Wimbo: Mwamba Wenye Imara
- Somo la kwanza: Zaburi 90:1-12
- Wimbo: Cha Kutumaini Sina
- Somo la pili: Injili ya Yohana 14:1-6
- Mahubiri
- Sadaka, na wimbo: Nionapo Amani Kama Shwari
- Maombi
- Heshima za mwisho, na wimbo: Bwana U Sehemu Yangu

*Saa 6:00 mchana. Maziko*
- Kuelekea kaburini, na wimbo: Kaa Nami
- Ibada ya kaburini, mashada ya maua, shukrani za familia na baraka

Mbele ya kila somo na kila risala liandikwe jina la mhusika, baada ya mhusika mwenyewe kukubali.

Nyimbo zina mtego wake. Watu hukumbuka kiitikio, lakini fahirisi ya kitabu hufuata mstari wa kwanza wa ubeti wa kwanza. Daftari letu lilisema “Salama Rohoni”. Ukiutafuta hivyo kwenye Tenzi za Rohoni unaweza kuukosa, maana umeorodheshwa kwa mwanzo wake, Nionapo Amani Kama Shwari. Andika jina kama lilivyo kwenye kitabu, kisha namba, kisha jina la kitabu chenyewe. Namba peke yake haitoshi, kwa kuwa wimbo mmoja una namba tofauti katika vitabu tofauti, na siku ya mazishi kuna wageni wa makanisa mengi. Namba ichukuliwe kwenye kitabu kilichofunguliwa mbele yako. Usiipokee kwa kukumbuka kwa mtu yeyote, hata awe kiongozi wa kwaya.

Masomo nayo yaandikwe kikamilifu: kitabu, sura na aya. “Yohana 14” huwachanganya wasomaji wapya, kwa sababu kuna Injili ya Yohana na kuna nyaraka tatu za Yohana. Vilevile muulize kasisi ni Biblia ipi itasomwa. Wengi wana Biblia ya tafsiri ya Muungano, wengine wana Habari Njema, na maneno yake si sawa. Kama somo halichapwi kwenye karatasi, hilo halina madhara. Lakini kama familia inataka mstari mmoja wa Zaburi chini ya picha ya jalada, uwe wa tafsiri ile ile itakayosomwa.

Mpango huu wa sehemu mbili unawafaa Waanglikana na Wamethodisti. Kwa Wakatoliki, mazishi yakifanyika ndani ya Misa, ukurasa wa pili unafuata mpangilio wa Misa yenyewe: somo, zaburi ya kuitikizana, Injili, mahubiri, maombi ya waamini, kisha liturjia ya Ekaristi. Mahubiri hayageuzwi kuwa sifa za marehemu. Mtu wa familia anaweza kusema maneno ya kumkumbuka baada ya sala ya Komunyo, kabla ya kumuaga marehemu. Risala nyingine zitafutiwe nafasi nyumbani. Kwa dhehebu lolote, ukurasa wa pili upelekwe kwa anayeongoza ibada kabla haujachapwa, naye aupitishe. Ibada ni yake.

Ukurasa wa tatu: wasifu na majina

Wasifu wa maneno 150 hadi 180 unatosha, na nafasi iliyobaki ni ya majina. Uende kwa mpangilio wa miaka: alizaliwa wapi, na nani, akiwa wa ngapi, alisoma wapi, aliolewa lini, alifanya kazi gani na wapi, aliugua nini ikiwa familia inataka kusema, alifariki lini na wapi. Kila sentensi iwe na jambo linaloweza kuthibitishwa. “Alikuwa mcheshi na mkarimu” ni sentensi ya kila marehemu. “Alifundisha darasa la kwanza kwa miaka 31, na baadhi ya aliowafundisha kusoma walikuja kufundisha shule hiyo hiyo” ni ya mama huyu peke yake.

Chini ya wasifu yawekwe majina, kwa mpangilio mmoja usiobadilika: wazazi, mume, watoto kwa kufuata kuzaliwa, wakwe, kisha wajukuu. Waliotangulia watajwe pia, na neno “marehemu” mbele ya majina yao. Mtoto aliyefariki mchanga ni mtoto. Muulize mzee wa familia kabla ya kumwacha. Wajukuu wakiwa wengi, andika idadi badala ya majina. Ukitaja majina ya kumi na wawili na kuwaacha wanne, wazazi wa wale wanne wataisoma kama hukumu.

Hapa mfano wetu una mambo mawili ya kusimamia. Binti aliyeolewa Mombasa amesilimu, na kwenye daftari ameandikwa kwa jina alilobatizwa. Hilo si la mpangaji kuamua, wala si la kaka zake. Apigiwe simu aulizwe. Alisema liandikwe jina analotumia sasa, likifuatwa na la baba yake, kama lilivyo kwenye kitambulisho, na ndivyo lilivyochapwa. La pili ni kwamba mume wa marehemu alikuwa na mke mwingine, ambaye yu hai na ana watoto. Karatasi ni ya mama huyu, kwa hivyo watoto aliowazaa ndio wanaoorodheshwa kama watoto wake. Lakini wale wa mama mwingine wamemzika baba pamoja nao na wanachanga kwenye mazishi haya. Mstari mmoja ulitosha: “Ameacha pia watoto wa mke mwenziwe,” na majina yao yakafuata. Maneno hayo yalisomwa na pande zote mbili kabla ya kuchapwa.

Njia ya kuhakiki majina ni moja. Chapa ukurasa wa tatu peke yake, upeleke matangani, usomwe kwa sauti mbele ya mkubwa wa familia na angalau mtu mmoja wa kila nyumba. Usiutume kwenye kundi la WhatsApp ukangoja majibu. Kunyamaza kwa watu kundini hakumaanishi wamesoma. Aliyesoma na kukubali aweke sahihi pembeni ya karatasi hiyo, nawe uiweke.

Ukurasa wa nne: maneno ya kumuaga

Ukurasa huu ni wa maneno 250, na maneno 50 ya mwisho ni shukrani za familia. Yanabaki 200. Taazia nne au tano za maneno 40 hivi zinatoshea. Kwa kawaida mpangaji huletewa kumi, ndefu, na zote zinasema neno moja. Hii ndiyo iliyotoka kwa wajukuu wa mama wetu:

“Bibi tutakukumbuka milele, ulikuwa mtu wa watu, pengo lako halitazibika. Mungu alikupenda zaidi. Ulikuwa ukituamsha alfajiri tuchote maji kabla ya shule, na jioni ukitusikiliza tukisoma huku ukikuna nazi, na tukikosea neno mbuzi ilikuwa inanyamaza mpaka turudie. Sisi wajukuu wako tulikupenda sana na tutaendelea kukupenda daima. Lala salama bibi yetu kipenzi.”

Ukiisoma taazia hii kutafuta kisichoweza kusemwa juu ya bibi mwingine yeyote, utakiona katikati. Kilichobaki kinarudiwa na wengine wote. Kwa hivyo ikawa:

“Bibi, jioni ulitusikiliza tukisoma huku ukikuna nazi. Tukikosea neno, mbuzi ilinyamaza mpaka turudie. Tunasoma mpaka leo. Wajukuu wako.”

Sentensi ya “Tunasoma mpaka leo” haikuwemo. Waliiongeza wajukuu wenyewe walipoonyeshwa taazia iliyofupishwa. Kanuni ni hiyo: mpangaji anaruhusiwa kupunguza, haruhusiwi kuongeza, na aliyefupishiwa aonyeshwe. Kama familia haitaki kumuudhi mtu, taazia ndefu zote zikusanywe kwenye bahasha apewe mfiwa, au zisomwe usiku wa kuamkia mazishi.

Shukrani nazo ziwe na tahadhari. Ukianza kutaja waliochanga mmoja mmoja, utamsahau aliyetoa shuka au aliyelala matangani siku tisa. Taja makundi: majirani, kanisa, walimu, madaktari na wauguzi waliomhudumia, na wote waliokuja.

Kuipanga kwenye karatasi ili ikunjike sawa

Hapa ndipo kazi nzuri huharibika kwenye saiba, saa tatu usiku, siku moja kabla ya mazishi. Kumbuka karatasi ni moja, ina pande mbili, na kila upande una kurasa mbili. Upande wa nje ukiutazama umeukunjua, ukurasa wa 4 uko kushoto na wa 1 uko kulia. Upande wa ndani, wa 2 uko kushoto na wa 3 uko kulia. Wengi huweka 1 na 2 upande mmoja, 3 na 4 upande wa pili, kwa sababu ndivyo zinavyofuatana. Ukikunja hiyo, jalada linakuwa nyuma, na utaratibu unakuwa mbele.

Kwanza kunja karatasi tupu ya A4, andika kwa kalamu 1, 2, 3, 4 kama unavyofungua kitabu, kisha ikunjue uitazame. Iweke mbele ya anayechapa. Karatasi hiyo huzuia ubishi wote.

Kama unatumia Word, mpangilio huu hufanywa na programu yenyewe. Nenda `Layout`, kisha `Margins`, kisha `Custom Margins`, na kwenye `Multiple pages` chagua `Book fold`. Hapo hapo fungua kisanduku cha `Paper` uhakikishe ni `A4`. Mara nyingi huwa `Letter`, ambayo ni pana kidogo na fupi kuliko A4, na mkunjo hautaanguka katikati ya maandishi. Andika kurasa zako nne kwa kufuatana kama kawaida. Wakati wa kuchapa, kama printa inachapa pande mbili, chagua `Flip pages on short edge`. Ukichagua `long edge`, upande wa ndani utatoka umepinduka kichwa chini. Ukipeleka kazi kwenye saiba, peleka PDF, kwa sababu faili ya Word ikifunguliwa kwenye kompyuta nyingine herufi hubadilika na mistari miwili ya mwisho huhamia ukurasa wa tano. Lakini PDF uliyoitoa kwa `Save As` ina kurasa zikifuatana 1, 2, 3, 4. Anayechapa lazima achague `Booklet` kwenye dirisha la kuchapa la Adobe Reader.

Familia ikitaka kurasa nane, ziwe karatasi mbili zilizopachikana na kubanwa pini kwenye mkunjo. Kurasa lazima zigawanyike kwa nne, kwa hivyo hapana kijitabu cha kurasa sita cha namna hii. Ili kuhakiki, jumlisha namba za kurasa mbili zilizo upande mmoja wa karatasi. Kwa kijitabu cha kurasa nane jumla ni tisa kila mara: 8 na 1, 2 na 7, 6 na 3, 4 na 5. Kwa karatasi yetu ya kurasa nne jumla ni tano: 4 na 1, 2 na 3. Ikitoka namba nyingine, simamisha kazi.

Chapa moja kwanza. Ikunje, uisome kutoka mwanzo mpaka mwisho ukiwa umesimama pale pale dukani, na kalamu mkononi. Tazama mambo manne: jina la jalada na la wasifu ni sawa herufi kwa herufi, siku na tarehe zinakubaliana, maana 22 Machi 2025 ni Jumamosi wala si Jumapili, namba za nyimbo, na majina ya ukurasa wa tatu ukiyalinganisha na karatasi iliyotiwa sahihi. Hapo ndipo uagize zilizobaki. Katika mfano huu ziliagizwa 150, karatasi ya kawaida ya gramu 80, za kushirikiana watu wawili au watatu. Jalada la rangi likitakiwa, upande wa nje tu uchapwe kwa rangi na wa ndani kwa rangi nyeusi, na gharama hupungua.

Kabla hazijaanza kugawiwa, toa kumi uziweke kando. Moja ni ya kanisa, moja ya kila nyumba ya watoto, na moja ibaki pamoja na cheti cha kifo na ile karatasi yenye sahihi za matangani. Zilizo mlangoni zitakwisha zote, na nyingi zitaonekana jioni zikiwa zimetumika kupepea.